Udhaifu Wako Si "Kujituma Sana": Tuache Kudanganya Kwenye Fomu

Vijana wenzangu, leo nimekuja kugombana na nyinyi. Serikali ina siku zake humu ndani, leo waacheni wapumzike. Leo ni sisi kwa sisi, na ugomvi wenyewe ni wa mistari minne tu ya fomu.

Mnaijua ile fomu. Ukienda kuomba kazi hotelini, iwe hapa Nungwi, iwe Kendwa au Matemwe, unapewa karatasi. Jina, umri, skuli uliyosoma, lugha unazozungumza, mdhamini. Hapo kote unakwenda mbio. Halafu unageuza ukurasa, unakutana na swali: "Udhaifu wako mkubwa ni upi?" Chini yake mistari minne mitupu. Kalamu inasimama. Unaangalia dari. Mwisho unaandika kile ambacho sote tunakiandika: "Udhaifu wangu mkubwa ni kwamba najituma sana kazini mpaka nasahau kupumzika." Au mwenzake wa pili: "Napenda kila kitu kiwe sawasawa, siridhiki mpaka kazi iwe kamili."

Nasema waziwazi: huo ni uongo, na kila anayeisoma hiyo fomu anajua ni uongo. Tena ni uongo wa kuazima. Umetoka kwenye magrupu ya watsapu, kwenye zile pidiefu za "majibu 20 ya intavyuu", umepita kwa binamu yako, ukafika kwako. Na najua kwa sababu na mimi niliuandika.

Nilikuwa nimemaliza skuli, naomba kazi ya stoo hoteli moja huku kaskazini. Nikaandika hivyo hivyo, kwa herufi nzuri kabisa. Nikaitwa. Msimamizi akaisoma fomu yangu, akaniuliza kwa upole tu: "Umesema unajituma mpaka unasahau kupumzika. Mara ya mwisho ilikuwa lini, na ulikuwa unafanya nini?" Wallahi nilikaa kimya. Ningesema nini? Mwezi ule wote kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa barza. Nikababaisha kitu kuhusu mitihani. Yule bwana akatabasamu, akageuza ukurasa. Nilielewa palepale kwamba sikukosa kazi kwa sababu ya udhaifu wangu. Udhaifu wangu hata hakuuona. Alichokiona ni mtu ambaye swali dogo linamfanya adanganye.

Ugomvi wangu basi ni huu: swali la udhaifu lijibiwe kwa udhaifu wa kweli, kwa tukio lililotokea, kwa maneno ambayo ungeyasema kwa mdomo wako. Kuna jibu jingine wanalotufundisha, nitalipinga mbele ya yeyote.

Twende kwanza kwa nini jibu la kukariri halifai hata kwa mwenye tamaa tu ya kupata kazi, tukiweka pembeni dini na adabu. Mtu akijisifu wazi, "mimi ni mchapakazi", unaweza kumkubali au kumkataa, lakini unajua kasema nini. Akijisifu kwa kujifanya analalamika, "tatizo langu ni uchapakazi", amefanya mambo mawili kwa pamoja: kajisifu, na kajaribu kukuficha kwamba kajisifu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, Ovul Sezer na wenzake, walilichapisha jambo hili mwaka 2018. Waliwataka wanafunzi waandike wangelijibuje hilo swali la udhaifu, na walio wengi wakaandika majigambo yaliyovalishwa nguo ya malalamiko: ukamilifu, kujituma, kuwajali mno wenzao. Wachache waliotaja kasoro ya kweli ndio walioonekana wanafaa zaidi kuajiriwa. Na kwa jumla utafiti ule ulikuta kwamba majigambo ya kujificha yanamchukiza msomaji kuliko hata majigambo ya wazi, kwa sababu hayaaminiki. Wale walikuwa wanafunzi wa Marekani, sio vijana wa Nungwi. Lakini niambieni, nyinyi mkimsikia mtu anasema "tatizo langu mimi nina moyo mzuri mno", mnamwonaje?

Sasa nendeni pale pwani kwetu wanapounda majahazi. Fundi akishapigilia mbao, baina ya ubao na ubao panabaki mwanya. Haoni aibu nao, kila chombo kinao. Anachukua pamba, anaishindilia ndani ya ule mwanya kwa patasi na nyundo, mshono mmoja baada ya mwingine, kazi ya siku nyingi. Hiyo ndiyo kalafati. Baadaye ndio anapaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka njiani, ili mbao zisiharibike. Kila mtoto wa Nungwi anajua kwamba ukipaka sifa juu ya mshono ambao haujakalafatiwa, chombo kinang'ara vizuri tu pale mchangani, na kikishushwa majini kinajaa maji. Majibu yetu ya fomu ndiyo hayo. Sifa tupu, kalafati hakuna.

Mwezi uliopita binti mmoja wa hapa mtaani alinijia barzani na fomu mkononi. Ana cheti cha mapokezi, kafanya mafunzo kwa vitendo miezi minne kwenye hoteli, anaomba kazi ya mapokezi kwengine. Alikuja na kaka yake mkubwa. Nimemwomba ruhusa niielezee kazi tuliyoifanya siku ile, kakubali, jina lake nimeliacha.

Kwenye fomu alikuwa kaandika kwa penseli: "Udhaifu wangu ni kupenda ukamilifu na kujituma kupita kiasi." Nikamuuliza: "Mdogo wangu, hii umeitoa wapi?" Akacheka. "Kaka, kila mtu anaandika hivyo." Nikamwambia afute.

Akafuta, akaandika ya pili. Hii ilikuwa kinyume kabisa: "Mimi ni muoga, sijiamini, na wakati mwengine nina hasira." Hapo kaka yake akaruka. "Unaona? Ndio unachotaka hicho? Mtoto wa watu ajianike, aonekane hafai? Unamharibia mwenzio riziki yake!"

Na kaka yake alikuwa na haki kwa nusu. Jibu lile la pili nalo lilikuwa baya, ingawa lilikuwa la kweli zaidi. Ubaya wake ni kwamba ni rundo la sifa mbaya zisizo na mahali. "Sijiamini" inamaanisha nini? Hawezi kusimama mbele ya wageni? Hawezi kushika pesa? Msomaji hajui, kwa hivyo atajaza mwenyewe, na atajaza baya kuliko lililopo. Mtu anaposema "mimi ni mvivu", "mimi nina hasira", anadhani kasema ukweli mkubwa, kumbe hajasema chochote cha kuweza kupimwa. Ukweli wa fomu ni kitu ulichokifanya, siku fulani, kikamgharimu mtu fulani.

Kwa hivyo tukaiacha kalamu. Nikamuuliza swali ambalo ndilo ninalowapa na nyinyi: "Ni jambo gani umeshaambiwa na watu wawili tafauti, ambao hawakukaa pamoja kukusema?" Usitafute udhaifu kichwani mwako, kichwani mwako una mwanasheria anayekutetea usiku na mchana. Tafuta kwa watu. Mama yako anakulalamikia nini, mwalimu wako alikulalamikia nini, msimamizi wako alikwambia nini akiwa amechoka. Pale malalamiko mawili yanapokutana ndipo penye mwanya.

Binti akafikiri. Akasema: "Mama huniambia nikitumwa dukani siulizi vizuri, narudi na kitu sicho. Na kule hotelini dada wa mapokezi aliniambia nina tabia ya kuitikia 'ndio' wakati sijasikia." Haya! Hapo sasa tumeshika kitu. Nikamuuliza: "Ilishaleta hasara?" Akainama kidogo, akasema ilishaleta.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mgeni alipiga simu kutoka chumbani, anataka gari ya kwenda uwanja wa ndege. Anazungumza Kiingereza cha haraka, na nyuma kuna kelele. Binti akasikia "kumi". Kwa hesabu ya mgeni kumi ile ni saa nne asubuhi. Yeye akaona haya kuuliza tena, asije akaonekana hajui lugha. Akasema "ndio, ndio", akaandika kwenye daftari kama alivyosikia: saa kumi. Zamu ikabadilika, mwenzake akalisoma daftari, akampigia dereva kwa Kiswahili: saa kumi. Dereva akafika saa kumi alfajiri. Akakaa kwenye gari saa sita nzima hadi mgeni alipotoka, na safari yake nyengine ya asubuhi ikampotea.

Wenzangu mnaofanya kazi za wageni mnalijua kosa hili, linawapata wengi. Saa zetu na zao zinapishana kwa sita, na mtu mmoja akichoka tu katikati, gari inakuja wakati sio. Na binti huyu alikuwa na bahati, kosa liliangukia upande wa mapema. Lingeangukia upande wa kuchelewa, kutoka Nungwi hadi uwanja wa ndege ni zaidi ya mwendo wa saa moja kwa gari, mgeni angeikosa ndege na pale mapokezi pangewaka moto.

Nikamuuliza: "Ulifanya nini asubuhi ile?" Akasema alimwendea msimamizi mwenyewe kabla hajaitwa, akamwambia kosa ni lake. Akamwomba radhi dereva. Na tangu siku ile, mgeni akitaja saa, anaiandika kwa tarakimu za saa 24, 10:00 au 22:00, halafu anamsomea mgeni kabla hajakata simu. "Na haya zimekwisha?" Akasema ana kwa ana zimekwisha. Kwenye simu, mtu akisema mbio, bado anajilazimisha.

Nikamwambia: "Basi umeshajibu. Yaandike hayo hayo uliyoyasema." Akaandika. Nawawekea kama alivyoandika:

"Nikiwa sijasikia vizuri, naona haya kuuliza mara ya pili. Nilipokuwa mafunzoni, mgeni alipiga simu kuagiza gari ya saa nne asubuhi. Mimi nikaandika saa kumi, na dereva akaja saa kumi alfajiri akasubiri mpaka saa nne. Nilikwenda mwenyewe kumwambia msimamizi, na nilimwomba radhi dereva. Sasa naandika saa kwa tarakimu za saa 24 na namsomea mgeni kabla sijakata simu. Ana kwa ana nimeshazoea kuuliza. Kwenye simu, mtu akisema haraka, bado najilazimisha."

Hebu lisomeni tena taratibu. Sentensi ya kwanza inautaja udhaifu kama kitendo: naona haya kuuliza. Hakuna "sijiamini" wala "mimi ni muoga". Msomaji anajua mpaka wake uko wapi, hawezi kuukuza. Inayofuata ni tukio lenye saa ndani yake, na saa zile ndizo zinazolifanya liaminike. Mtu anayetunga hatungi dereva amekaa garini mpaka saa nne. Kisha kuna mtu aliyeumia, dereva, na kuna alichokifanya binti siku hiyohiyo. Kisha dawa, na dawa yenyewe ni ndogo, inaonekana, mtu anaweza kusimama nyuma yake akaiona inafanyika.

Halafu ile sentensi ya mwisho: "bado najilazimisha". Hapo ndipo tulipogombana tena na kaka yake. Yeye alitaka ifutwe. Akasema: "Bwana, malizia vizuri. Andika kwamba sasa tatizo limekwisha kabisa." Nikamwambia: "Kaka, swali halikuuliza udhaifu uliokuwa nao zamani. Limeuliza ulio nao. Ukiandika limekwisha, umerudi kulekule kwa kujisifu, umezunguka njia ndefu tu." Majibu mengi yanayoanza kwa ukweli yanafia hapo. Mtu anataja kasoro, anaeleza tukio, halafu anafunga kwa "lakini sasa mimi ni mfano wa kuigwa". Udhaifu uliokwisha wote si udhaifu, ni hadithi ya ushindi. Acheni kipande kilichobaki kibaki. Kile kipande ndicho kinachofanya msomaji aamini na hivyo vyengine.

Sasa hilo la kutosikika kama umekariri, kwa maandishi, linataka kazi yake peke yake. Kuna watu wanasema ukweli mtupu lakini ukiusoma unanuka kitabu. "Katika kipindi cha mafunzo yangu nilibaini kwamba nina changamoto katika suala zima la mawasiliano." Nani anazungumza hivyo? Neno "changamoto" hapo limekuja kufunika neno "kosa". Binti wetu hakusema changamoto. Kasema: "naona haya kuuliza." Ukishaandika, msomee mtu anayekujua kwa sauti. Kila utakapojisikia unabadilisha sauti kama mtangazaji wa redio, hapo pana neno sio lako, litoe. Halafu funika jina lako juu ya fomu, mpe jirani yako asome. Kama jibu lile na yeye angeweza kuliweka kwenye fomu yake bila kubadilisha kitu, bado hujajibu. La binti yule huwezi kuliazima, kwa sababu wewe hukumkalisha dereva garini mpaka saa nne.

Na kwa hiyo nawaomba sana, msije mkanakili hili la saa kumi. Nawajua! Kesho nitasikia hoteli nzima za kaskazini madereva wote wamefika alfajiri. Mkifanya hivyo mmeshaligeuza kuwa uongo mwengine wa kuazima.

Nimeulizwa na wengine: jee, kila udhaifu uandikwe? Hapana. Kweli ina mipaka, na mipaka hii nitaisema bila kuzunguka.

Mpaka wa kwanza ni kazi yenyewe. Ikiwa unaomba stoo na huwezi kuhesabu mali bila kukosea, tatizo lako si namna ya kujibu fomu. Tatizo ni kwamba unaomba kazi ambayo hujaiweza, na ukiificha itakutoa mwenyewe siku ya kwanza ya kuhesabu mzigo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda kajifunze kwanza au omba kazi nyengine. Udhaifu unaofaa kuandikwa ni ule unaoigusa kazi pembeni, unaoweza kuleta hasara ukiuachia, na unaozuilika ukiushughulikia. Ukitaja kitu kisichohusu kazi kabisa, "siwezi kupika biriani", umekwepa, na kukwepa kunaonekana.

Mpaka wa pili ni mambo ambayo si udhaifu hata kidogo, na nawaomba hapa muwe wakali. Maradhi yako si udhaifu wa kuandika kwenye mistari ile. Mimba si udhaifu. Kuwa na mtoto mdogo si udhaifu. Dini yako, kijiji ulichozaliwa, kabila lako, si udhaifu. Na hili linatuhusu sisi moja kwa moja: chama chako si udhaifu. Nimeona kijana wetu mmoja kaandika eti "huwa najihusisha na siasa lakini nitajirekebisha". Jamani! Ujirekebishe kutokana na nini? Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, umeyataja maoni ya kisiasa kwa jina pamoja na rangi, jinsia na dini miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo katika ajira, na Tanzania imeuridhia. Kusema ukweli hakumaanishi kumkabidhi mwajiri kila kilichomo mfukoni mwako. Swali ni la kazi, jibu liwe la kazi.

Mpaka wa tatu ni siri za watu wengine. Tukio lako lisimtaje mwenzako kwa jina, lisiitaje hoteli ya zamani kwa ubaya, lisimtupie lawama mtu wa zamu ya pili. Binti yule angeweza kuandika kwamba mwenzake wa zamu ndiye aliyempigia dereva bila kuhakikisha. Na ingekuwa kweli! Lakini udhaifu ulioulizwa ni wako. Ukianza kugawa kosa, msomaji anaacha kusoma udhaifu, anaanza kusoma tabia yako.

Sasa najua mnachonisubiria nacho. Mtasema: "We bwana unazungumza kana kwamba fomu zinasomwa. Kazi huku ni kujuana. Anayejuana na meneja anaandika chochote, anaingia. Mimi niseme ukweli ili iweje?" Hoja hii nzito, sitaifanyia dharau. Ni kweli kuna milango inafunguliwa kwa simu, na vijana wa Nungwi wanaiona hoteli imejengwa mbele ya nyumba zao halafu wanapita nje ya ukuta wake wakenda kuvua. Hilo ni pigano letu jengine na hatutaliacha. Lakini angalia hesabu yako mwenyewe. Pale ambapo nafasi imeshapewa mtu, jibu lako haliongezi wala halipunguzi. Pale ambapo fomu inasomwa kweli, anayesoma ana rundo la watu wote wanaojituma mno. Uongo wako unasaidia wapi hapo? Asiyejuana na mtu ndiye mwenye haja zaidi ya kusikika kama mtu mmoja, mwenye uso wake.

Na kuna la pili, ambalo linaniuma zaidi. Sisi ndio tunaokaa humu kila wiki tunawacheka wakubwa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikitoka, kiongozi akiulizwa kasoro iko wapi, anajibu kwamba kasoro ni kasi kubwa ya maendeleo. Tunaipiga picha, tunaisambaza, tunaandika "uongo huu mpaka lini". Halafu siku hiyohiyo jioni mtu anaijaza fomu: "udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi." Jee, si jibu lilelile? Kasoro iliyogeuzwa sifa. Hata fomu zetu wenyewe, za kuomba uongozi wa tawi, zinakuja na majibu hayohayo: "udhaifu wangu ni kukipenda chama mno." Mtu anayeomba kutuongoza hawezi kututajia jambo moja alilokosea na aliyemkosea! Mimi sitompa kura huyo, na nyinyi mkimpa msije kulia.

Sitawaahidi ajira. Yule binti aliipeleka fomu, akaitwa kwenye mahojiano. Walimuuliza maswali manne yote kutoka kwenye yale majibu ya mistari minne. Dereva alisemaje? Msimamizi alikuchukulia hatua gani? Kwa nini tarakimu za saa 24? Na leo hapa nikikupigia simu nikasema mbio, utafanya nini? Aliyajibu yote, kwa sababu hakuhitaji kukumbuka alichoandika. Alihitaji kukumbuka kilichotokea, na kilitokea. Majibu ya kazi hajapewa bado. Anaweza kukosa, maana kuna wengine wana uzoefu kuliko yeye, na kuna mabosi wanaoogopa mtu mkweli. Lakini hakuna aliyemgeuzia ukurasa kwa tabasamu kama nilivyogeuziwa mimi.

Kaka yake nilikutana naye juzi pwani. Bado hajakubali. Kaniambia: "Ngoja tuone kama watamchukua." Nikamwambia: "Kaka, wakimchukua watakuwa wamemchukua yeye. Mimi pale stoo, wangenichukua, wangekuwa wamemchukua nani?" Akanyamaza kidogo, akasema na yeye ana fomu nyumbani, ya udereva, na mstari ule kaucha mtupu wiki ya pili sasa.

Nimemwambia anitafute barzani, aje na penseli.